Sindano ya kila siku 28: ngome ya moyo wa mtoto aliyepata homa ya rumatiki

Mtoto akiumwa na koo, wazazi wengi katika Kaunti ya Turkana humpa maji ya moto yenye chumvi, dawa ya maumivu, na kusubiri siku tatu au nne. Mara nyingi koo hupona lenyewe. Lakini kwa watoto wachache, hasa wenye umri wa kati ya miaka 5 na 15, koo hilo huwa mwanzo wa ugonjwa mwingine unaojitokeza wiki kadhaa baadaye, mbali kabisa na koo: homa ya rumatiki. Ugonjwa huo huanza kwa viungo kuuma na kuvimba, na usipozuiwa kurudi, huishia kwenye moyo.

Homa ya rumatiki si ile baridi yabisi inayowasumbua wazee magotini. Huu ni ugonjwa wa watoto na vijana, na tofauti yake kubwa ni kwamba maumivu ya viungo hupita bila kuacha alama, ilhali moyo unaweza kubaki na kovu la maisha. Makala haya yanaeleza jinsi kovu hilo linavyotokea, na kwa nini mtoto aliyewahi kuugua anatakiwa kudungwa sindano ya penisilini kila baada ya siku 28 kwa miaka mingi, hata anapojisikia mzima.

Kutoka kooni hadi moyoni

Maumivu mengi ya koo husababishwa na virusi, na hayo hayaleti homa ya rumatiki. Yanayoleta shida ni yale yanayosababishwa na bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A. Bakteria huyu huenea kwa mate na chafya, na hupata nafasi pale watu wanapolala wengi katika chumba kimoja: kwenye bweni la shule, kwenye manyatta yenye watoto wengi, au katika makazi yenye msongamano.

Mwili unapopambana na bakteria huyu, hutengeneza kinga ya kumtambua na kumwangamiza. Tatizo ni kwamba baadhi ya sehemu za ngozi ya bakteria huyu zinafanana na sehemu za mwili wa binadamu, zikiwemo zile zilizo katika moyo na viungo. Kwa watoto wengine kinga hushindwa kutofautisha adui na mwenyeji, ikaanza kushambulia mwili wenyewe. Hii ndiyo sababu ugonjwa huja wiki mbili au tatu baada ya koo kupona: bakteria ameshaondoka, lakini kinga bado iko vitani.

Homa ya rumatiki yenyewe haiambukizi. Mtoto anayeugua hawezi kumpa mwenzake. Kinachoambukiza ni lile koo la mwanzo.

Shambulio la kwanza ambalo ni rahisi kupita bila kutambuliwa

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 11 anayesoma shule ya msingi huko Kalemng'orok, Turkana Kusini. Mfano huu si wa mtoto fulani, lakini kila hatua yake ni jambo linalojulikana vyema na wahudumu wa afya.

Mwanzoni mwa Januari, msichana huyu anaumwa na koo kwa siku nne. Hana kikohozi wala mafua, ila ana homa na shida ya kumeza. Anapona, anaendelea na masomo. Mwishoni mwa Januari, goti lake la kulia linavimba na kuwa la moto, kiasi kwamba hawezi kutembea hadi shuleni. Siku mbili baadaye goti limepoa, lakini kifundo cha mguu wa kushoto kimevimba. Kisha kinafuata kiwiko. Homa ipo.

Hapa ndipo ugonjwa hupotea machoni pa watu. Homa pamoja na viungo vinavyouma, katika eneo la wafugaji, humfanya kila mtu afikirie malaria au bruselosi, ile homa inayotokana na maziwa mabichi na mifugo. Wengine watasema mtoto ameanguka akicheza. Magonjwa hayo yapo kweli na yanafaa kupimwa. Lakini dalili inayopaswa kumshtua mzazi ni maumivu yanayohama: kiungo kikubwa kimoja kinapona na kingine kinaanza, kwa mtoto wa umri wa kwenda shule. Dalili nyingine, ambazo si kila mtoto huzipata, ni kuishiwa na pumzi, moyo kwenda mbio hata mtoto akiwa amelala, na mikono au uso kuchezacheza bila kutaka, hadi mwalimu akadhani mtoto anafanya utundu au mwandiko wake umeharibika kwa uzembe.

Kosa la pili linafuata hapo. Dawa za kutuliza maumivu kama aspirini huondoa uvimbe wa viungo upesi, mara nyingine ndani ya siku mbili au tatu. Familia inaona mtoto amepona. Kumbe kilichopona ni viungo tu. Iwapo muuguzi au afisa wa kliniki ana shaka, mtoto hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Lodwar, ili daktari asikilize moyo na mtoto apigwe picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kipimo kinachofahamika kama eko. Kipimo hicho hakina maumivu, wala hakimwagi damu. Kinaonyesha vali za moyo zikifunguka na kufunga.

Jinsi vali inavyopata kovu

Moyo una vali nne. Kazi yake ni kama lango la zizi: linafunguka kuruhusu mifugo kupita upande mmoja, kisha linafunga ili wasirudi. Damu hutakiwa kwenda mbele tu. Vali inayoathiriwa zaidi na homa ya rumatiki ni ile ya upande wa kushoto wa moyo, iliyo kati ya chemba ya juu inayopokea damu kutoka kwenye mapafu na chemba ya chini inayoisukuma mwilini. Vali hii ina mbawa mbili nyembamba, laini, zilizoshikiliwa na nyuzi.

Katika shambulio la kwanza, mbawa hizo huvimba na zinaweza kushindwa kukutana sawasawa. Damu kidogo huvuja na kurudi nyuma. Kwa watoto wengi uvujaji huo huwa mdogo, na habari njema ni kwamba ugonjwa usiporudi, vali inaweza kupata nafuu, na kwa wengine uvujaji hutoweka kabisa baada ya miaka.

Lakini mtoto aliyewahi kupata homa ya rumatiki ana hatari kubwa kuliko watoto wengine ya kuipata tena, kwa sababu kinga yake imeshajifunza kosa lile. Streptokoka akiingia mara ya pili, kinga huamka upesi na kushambulia mahali pale pale. Kila shambulio huacha kovu juu ya kovu. Mbawa za vali huwa nene na ngumu, nyuzi hufupika, na kingo zake hushikana. Baada ya miaka, lango ambalo lilikuwa halifungi vizuri linaweza pia kukataa kufunguka. Damu hujaa nyuma yake kwenye mapafu, na ndipo kijana anapoanza kuchoka akitembea umbali mfupi, kukohoa usiku, kushindwa kulala bila mito miwili, na kuvimba miguu.

Wanawake wengi vijana hugundua ugonjwa huu kwa mara ya kwanza wakiwa wajawazito, kwa kuwa mimba huuongezea moyo kazi na vali iliyobana haiwezi kupitisha damu yote inayohitajika. Mjamzito anayeishiwa na pumzi akiwa amelala asichukulie kuwa ni uchovu wa kawaida wa mimba. Amweleze muuguzi wa kliniki ya wajawazito siku hiyo hiyo.

Vali ikifika hapo, dawa hupunguza dalili tu. Kuirekebisha au kuibadilisha huhitaji upasuaji wa moyo, ambao haufanyiki Turkana na humlazimu mgonjwa kusafiri mbali. Anayewekewa vali ya chuma hulazimika kumeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara ili dawa isizidi wala kupungua. Kwa familia inayoishi mbali na maabara, huo ni mzigo mwingine mzito.

Kwa nini kutibu koo peke yake hakutoshi

Mzazi anaweza kuuliza: kwa nini mtoto asipewe tu dawa kila anapoumwa na koo? Jibu ni kwamba wagonjwa wengi wa homa ya rumatiki hawakumbuki kuwa na koo lolote kabla ya kuugua. Streptokoka anaweza kukaa kooni kimyakimya, bila maumivu ya kutosha kumfanya mtoto alalamike, na bado akaamsha kinga. Anayesubiri dalili huenda akasubiri kitu ambacho hakitaonekana.

Ndiyo maana mtoto aliyewahi kuugua hupewa kinga ya kudumu: penisilini inayokaa mwilini wakati wote, ili streptokoka akija akute mlango umefungwa.

Dawa inayotumika ni benzathini penisilini. Mtoto mwenye uzito wa kilo 30 au zaidi kwa kawaida hudungwa uniti 1,200,000, na mwenye uzito mdogo kuliko huo hudungwa nusu yake, uniti 600,000. Dawa hii ni unga mweupe unaochanganywa na maji safi ya sindano hadi ukawa kama maziwa, kisha hudungwa ndani kabisa ya msuli wa tako au paja. Hapo hubaki kama akiba, ikiyeyuka polepole na kuingia kwenye damu siku baada ya siku. Baada ya wiki tatu hivi kiwango chake huanza kuwa kidogo, na baada ya wiki ya nne kinga hupungua sana. Kwa hiyo sindano hurudiwa kila siku 28, na kwa baadhi ya wagonjwa walio katika hatari zaidi daktari huagiza kila siku 21.

Kuhesabu siku, si miezi

Turudi kwa msichana wa Kalemng'orok. Eko imeonyesha uvujaji mdogo katika vali ya kushoto. Anadungwa sindano ya kwanza Jumanne tarehe 3 Februari. Njia rahisi ya kukumbuka si kuhesabu miezi bali kuhesabu Jumanne: kila Jumanne ya nne ni siku ya sindano. Katika mwaka ambao Februari ina siku 28, sindano zitakazofuata zitaangukia tarehe 3 Machi, 31 Machi, 28 Aprili, 26 Mei, 23 Juni, 21 Julai, 18 Agosti, 15 Septemba, 13 Oktoba, 10 Novemba na 8 Desemba. Kwa mwaka mzima ni sindano 13, si 12. Anayesema "tarehe tatu ya kila mwezi" hupoteza siku mbili au tatu kila mara, na siku hizo ndizo zile ambazo kinga imekwisha.

Tazama pia tarehe 18 Agosti na 8 Desemba. Zote ziko katika likizo. Wakati huo mtoto wa bweni amerudi nyumbani, na huenda familia imehamia mbali kutafuta malisho. Hapo ndipo sindano nyingi hukosekana. Mzazi anayejua kwamba atahama amweleze muuguzi mapema, apewe kadi inayoonyesha jina la dawa, kipimo, tarehe ya sindano ya mwisho na tarehe ya ijayo, ili zahanati nyingine au kliniki tembezi iendeleze bila kuanza upya. Kadi hiyo itunzwe kama kitabu cha kliniki cha mtoto mchanga.

Mtoto akichelewa, asikae nyumbani kwa kuogopa kukemewa. Aende mara moja, adungwe sindano moja ya kawaida, si mbili, na siku 28 zihesabiwe upya kuanzia siku hiyo.

Muda wa kudungwa hutegemea hali ya moyo. Kwa desturi, aliyeugua bila moyo kuguswa huendelea kwa angalau miaka mitano, au hadi atimize miaka 18 au zaidi, kutegemea lipi linakuja baadaye. Aliye na athari ndogo kwenye vali huendelea kwa angalau miaka kumi na hadi awe mtu mzima mwenye miaka ishirini na kitu. Mwenye vali iliyoharibika sana au aliyefanyiwa upasuaji anaweza kuhitaji sindano hadi umri wa miaka 40 au maisha yote. Kwa msichana wetu, miaka kumi ni sindano 130. Ni daktari tu anayeamua lini ziishe, baada ya kurudia eko.

Maumivu, hofu na usalama

Watoto huacha sindano hii hasa kwa sababu inauma. Dawa ni nzito, na chembe zake huziba sindano nyembamba. Maumivu yanaweza kupunguzwa: kichupa kishikwe kiganjani hadi kipoteze ubaridi, dawa isukumwe taratibu, upande wa mwili ubadilishwe kila mara, na muuguzi anaweza kuichanganya na dawa ya ganzi ikiwa mwongozo wa kituo unaruhusu. Mtoto akitembea baadaye, msuli hulegea.

Hofu ya pili ni mzio. Mzio mkali wa penisilini upo lakini hutokea kwa nadra. Mzazi ataje kabla ya sindano iwapo mtoto amewahi kuvimba uso, kutoka vipele au kukosa pumzi baada ya dawa yoyote, na asiondoke kituoni kabla ya nusu saa kupita. Mwenye mzio uliothibitishwa hupewa vidonge vya aina nyingine, kama erithromaisini.

Lipo kundi moja linalohitaji uangalifu wa pekee: wagonjwa ambao vali zao zimeharibika sana na tayari wanaishiwa na pumzi. Kwa hao, mshtuko na maumivu ya sindano vinaweza kuuelemea moyo, na daktari anaweza kuchagua vidonge vya penisilini vya kumeza mara mbili kwa siku. Wanaoendelea na sindano wafike wakiwa wamekula na kunywa maji, na wadungwe wakiwa wamelala.

Ushahidi kutoka Gulu

Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba sindano hii huzuia homa ya rumatiki kurudi. Swali lilibaki kwa watoto ambao eko inaonyesha mabadiliko ya awali kwenye vali ingawa hawajawahi kuhisi ugonjwa. Jibu lilitoka upande wa pili wa Karamoja, kaskazini mwa Uganda, katika utafiti uliofanyika Gulu kwa ushirikiano na Taasisi ya Moyo ya Uganda na kuchapishwa Novemba 2021.

Watoto zaidi ya 102,000 walipimwa kwa eko. Waliokutwa na mabadiliko ya awali na kukubali kushiriki walikuwa 818, wenye umri wa miaka 5 hadi 17. Kwa kura, nusu walidungwa benzathini penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, na nusu walifuatiliwa bila sindano. Mwishoni, kati ya watoto 399 waliodungwa, ni 3 tu ambao vali zao zilizidi kuharibika. Kati ya 400 ambao hawakudungwa, walikuwa 33.

Ni vyema kuelewa kile ambacho takwimu hizi hazisemi. Sindano haiyeyushi kovu ambalo limeshakomaa. Inachofanya ni kuzuia kovu jipya. Ndiyo maana faida yake ni kubwa zaidi kwa mtoto ambaye ugonjwa wake umegunduliwa mapema, wakati bado anakimbia uwanjani na haonekani mgonjwa.

Nyumbani na shuleni

Kwa watoto ambao hawajawahi kuugua, kinga huanzia kooni. Mtoto mwenye homa, maumivu ya ghafla ya kumeza, tezi zilizovimba shingoni au madoa meupe kwenye mafindofindo, bila kikohozi wala mafua, apelekwe zahanati. Dawa ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze, bado inaweza kuzuia homa ya rumatiki. Matibabu ni sindano moja ya benzathini penisilini, au dawa ya kumeza kwa siku kumi kamili. Kuacha dawa siku ya tatu kwa sababu koo limepoa huwaacha bakteria hai. Kukata kimio, kama baadhi ya familia zinavyofanya, hakuondoi bakteria hao, na huleta hatari ya kuvuja damu na maambukizi mapya.

Walimu wa shule za bweni wanaweza kusaidia kwa mambo mawili: kumruhusu mtoto mwenye kadi kwenda kudungwa siku yake bila kuhesabiwa mtoro, na kumpeleka kituo cha afya mwanafunzi ambaye viungo vyake vinavimba kimoja baada ya kingine.

Mzazi mwenye mtoto aliyewahi kuambiwa ana homa ya rumatiki au tatizo la vali, na ambaye sindano zake zimekatika, anashauriwa kumpeleka zahanati au kituo cha afya kilicho karibu akiwa na kadi au barua yoyote ya hospitali. Asiye na kadi aende vivyo hivyo. Mhamasishaji wa afya ya jamii katika kijiji anaweza kumwelekeza na kumkumbusha Jumanne ya nne inapofika.